Namna ya kuandika hadidu za rejea za mshauri wa tathmini ya mwisho, kwa mfano wa mradi wa mwani Micheweni

Mradi umekwisha, mfadhili anataka tathmini ya mwisho, na mtu mmoja ofisini anaambiwa "tengeneza hadidu za rejea, zitoke wiki hii". Anachofanya anafungua hadidu za mradi mwengine, anabadilisha jina na tarehe, anatuma. Miezi mitatu baadae inakuja ripoti ya kurasa 90 ambayo ukifuta jina la mradi inaweza kuwa ya mradi wowote wa pwani, na lawama zote anabebeshwa konsaltanti. Lakini konsaltanti anajibu alichoulizwa, na ukimuuliza mambo 20 kwa siku 15 basi atakujibu kila moja kwa aya mbili, hana njia nyengine.

Nitaenda na mfano mmoja tu toka mwanzo mpaka mwisho, wa kutunga, lakini aliyefanya kazi pwani za Pemba ataujua. Tuseme jumuiya ndogo imemaliza mradi wa miaka mitatu na wakulima wa mwani kwenye shehia nne za wilaya ya Micheweni, vikundi 12, wanachama 240 kwenye orodha na karibu wote ni akina mama. Mradi ulitoa kamba na vidau ili mwani wa aina ya kotonii ulimwe kwenye maji ya kina kirefu, ukajenga vichanja vya kuanikia, na ukafundisha kutengeneza sabuni ya mwani. Sababu ya kina kirefu wengi mnaijua: kotonii ndio yenye bei lakini maji ya ufukweni yakipata joto inaugua na kufa, inabaki aina nyengine, spinosamu, ambayo inastahimili zaidi ila bei yake ndogo.

Hatua ya 1: jua nani ataitumia ripoti na kuamulia nini

Kabla hujaandika hata kichwa cha habari, kaa na mkurugenzi na mtu wa fedha, na mkiweza mpigieni simu mfadhili, mjibu kitu kimoja: ripoti ikishatoka, nani atafanya uamuzi gani, na lini? Jibu liwe sentensi moja. Kwa mfano wetu ni hivi: "Mwezi wa tisa bodi itaamua kama iombe fedha za kupeleka kilimo cha kina kirefu kwenye shehia za Wete, au iachane nacho."

Sentensi hiyo inakwenda juu kabisa kwenye sehemu ya lengo, isifichwe ukurasa wa nne. Na uone ilivyofanya kazi tayari: imekwambia kina kirefu ndio moyo wa tathmini, vichanja ni cha pili, sabuni ni ya mwisho, tena imekwambia ripoti ikija mwezi wa kumi haina kazi. Mkishindwa kuipata sentensi hiyo, yaani kila mtu anasema "tunataka kujifunza" halafu basi, hapo mfadhili anahitaji karatasi ya kufungia faili, na ni bora mlijue hilo mkafanya tathmini ndogo ya bei ndogo kuliko kumwaga milioni 15.

Jambo jengine la kulitenga mapema ni hesabu. Mara nyingi mfadhili akisema tathmini kichwani mwake kuna "pesa zangu zimetumika vipi", na hilo ni la mkaguzi wa hesabu, sio la mshauri wa tathmini. Ukiwachanganya kwenye hadidu moja utapata mtu ambaye hajui kukagua risiti anakagua risiti.

Hatua ya 2: fungua kabati uone una data gani kweli

Hii ndio hatua inayorukwa kuliko zote, na ndio inayoua tathmini nyingi. Hadidu zinasema "mshauri atalinganisha na takwimu za mwanzo", mshauri anasaini, anafika Wete anaambiwa takwimu za mwanzo zimo kwenye laptopu ya ofisa aliyehamia Unguja.

Kwa hiyo wewe unaeandika ziombe kwanza, uzifungue kwa macho yako. Kwenye mradi wetu tuseme umekuta faili la Eksel la mwaka wa kwanza lenye kilo za mwani kwa kila mwanachama. Angalia: kilo za mwani mbichi au mkavu? Mwani mbichi una uzito mara kadhaa wa mkavu, na kama ofisa wa shehia moja aliandika mbichi na mwengine mkavu bila ya kusema, basi faili lile zima linadanganya. Unaweza kuligundua hilo kwa kutazama tu: shehia mbili zina wastani wa kilo 60 kwa mavuno, nyengine mbili wastani wa kilo 450, na wote wana idadi ya kamba inayokaribiana. Hakuna mama anaevuna mara saba ya jirani yake kwa kamba zile zile.

Angalia pia kama mapato yameandikwa kwa shilingi tu. Bei ya mwani anaipanga mnunuzi, inapanda na kushuka kwa mambo ya soko la nje ambayo mradi haukuyagusa. Mama anaweza kuvuna kilo pungufu ya zamani akapata shilingi nyingi zaidi, na ripoti ikaandika "mradi umeongeza kipato". Ukiwa na kilo na bei mbali mbali unaona, ukiwa na shilingi peke yake huoni.

Ukishajua, andika kwenye hadidu kipengele kifupi cha hali ya data, bila ya haya. Kitu kama hichi:

"Takwimu za mwanzo zipo kwa wanachama 240. Kwa shehia mbili kilo zinaonekana kuwa za mwani mbichi na hazikurekebishwa. Bei za mwaka wa kwanza hazikuandikwa. Madaftari ya mauzo ya vikundi 9 kati ya 12 yapo kwa makatibu wa vikundi. Mshauri aeleze kwenye andiko lake la kuomba kazi atafanyaje kulinganisha katika hali hii."

Sentensi ya mwisho hapo ni mtego mzuri. Mshauri anaejua kazi atakwambia atatumia madaftari ya mauzo, au atawauliza akina mama idadi ya kamba walizofunga, kwa sababu kamba mtu anazikumbuka kuliko kilo. Asiyejua ataandika "mbinu mseto zitatumika" na wewe ushamjua.

Hatua ya 3: maelezo ya mradi, ukurasa mmoja

Hapa sina mengi. Mradi ulikuwa wapi, wa nani, muda gani, ulifanya nini, kwa pesa kiasi gani, ulibadilika nini katikati. Usiweke historia ya mwani Zanzibar toka ulipoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, anaeomba kazi hii anaijua au ataisoma. Kitu kimoja ambacho watu wanasahau: taja na miradi mengine iliyokuwepo pale pale. Kama kulikuwa na jumuiya nyengine inagawa kamba Kiuyu na Maziwang'ombe miaka ile ile, sema, kwa sababu mshauri asipojua atawapa nyinyi sifa ya kamba za wenzenu.

Hatua ya 4: maswali, na hapa ndipo pa kukaa

Wengi wanachukua vile vigezo vya tathmini vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ambavyo toka mwaka 2019 ni sita: umuhimu wa mradi kwa walengwa, kuendana na kazi za wengine, kufikia malengo, matumizi mazuri ya rasilimali, mabadiliko ya muda mrefu, na uendelevu. Halafu chini ya kila kigezo wanaweka maswali matatu au manne, jumla 20 na ushei. Vigezo vyenyewe havina tatizo, tatizo ni kuvigeuza fomu ya kujaza. Hata waliovitunga wanasema vitumike kwa kufikiri, sio lazima vyote sita kila mara. Chagua viwili au vitatu vinavyogusa ule uamuzi wa hatua ya 1, vyengine acha na useme umeviacha.

Halafu maswali yasizidi matano. Najua ofisini watalalamika, kila mtu ana swali lake, mtu wa jinsia analo, mtu wa mazingira analo, mfadhili analo. Kipimo ni hichi: kwa kila swali uliza "jibu likiwa ndio tutafanya nini, likiwa hapana tutafanya nini?" Kama ni kitu kile kile, swali linatoka.

Tazama swali linalopatikana karibu kila hadidu: "Je, mradi umechangia kwa kiasi gani kuboresha maisha ya wanajamii?" Maisha yapi, ya nani, ukilinganisha na nini? Mshauri atawauliza akina mama kumi, watasema "tunashukuru umetusaidia", ataandika umechangia kwa kiasi kikubwa. Sasa lifanyie kazi. Kwanza taja watu: wanachama wa vikundi. Halafu kitu kinachohesabika: kilo za mwani mkavu uliouzwa. Halafu muda: mwaka wa mwisho wa mradi na mwaka kabla haujaanza. Na mwisho uliza sababu nyengine. Linakuwa hivi:

"Kilo za mwani mkavu zilizouzwa na wanachama zimebadilika vipi baina ya mwaka kabla ya mradi na mwaka wa mwisho, na sehemu gani ya mabadiliko hayo inaelezeka kwa kamba na vidau vya mradi, na ipi kwa bei, joto la maji au misaada ya wengine?"

Refu kidogo, lakini halijibiki kwa "tunashukuru".

Maswali mengine manne ya mfano wetu. La pili: vikundi vingapi bado vinalima kina kirefu miezi sita baada ya ufadhili kwisha, na vilivyoacha viliacha lini na kwa nini. La tatu: vidau anavitumia nani hasa. Hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu akina mama wengi wa mwani hawajui kuogelea, kazi yao ya miaka yote ni maji yakitoka kavu wanatembea kwa miguu mpaka shambani, na ukiwapeleka kina kirefu wanahitaji chombo na mtu wa kukiendesha, na mwisho unaweza kukuta kilimo kimeshaingia mikononi mwa waume na watoto wa kiume huku orodha ya vikundi bado ina majina ya akina mama. Hutaliona kwenye orodha, utaliona ukienda baharini. La nne: mnunuzi analipa tafauti kwa mwani uliokauka kwenye kichanja na ule uliokauka kwenye mchanga? Kama analipa bei moja, basi hakuna sababu ya mtu kutumia kichanja, na vile vichanja vilivyogeuka pahala pa kuanikia nguo vinaeleweka. Hilo linajibiwa kwa kuzungumza na wanunuzi, sio na wakulima tu, kwa hiyo wanunuzi lazima wawemo kwenye orodha ya watu wa kuhojiwa. La tano: nani walitoka kwenye vikundi, na kwa nini.

Sabuni hamna. Na hapo hapo chini ya maswali andika mipaka: "Mafunzo ya sabuni hayamo, yalifanyiwa mapitio ya ndani mwaka jana. Ukaguzi wa fedha haumo." Usipoandika mipaka, siku ya kuwasilisha rasimu mjumbe wa bodi atauliza "mbona sabuni sijaiona" na mtabishana saa nzima.

Hatua ya 5: mbinu, sema ya lazima tu

Usimwandikie mshauri mbinu yote, ndio unachomlipia. Lakini mambo mawili yaweke kama sharti.

La kwanza ni nani anachagua watu wa kuhojiwa. Ukiacha wazi, ofisa wa mradi atapiga simu kwa mwenyekiti wa kikundi, mwenyekiti atakuja yeye na katibu na mshika fedha, na tathmini nzima itakuwa ya viongozi. Ofisa hana nia mbaya, ndio watu anaowajua na wanaopokea simu. Andika hivi: jumuiya itakabidhi orodha kamili ya wanachama wa toka mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka, mshauri atachagua majina yeye mwenyewe kwa bahati nasibu, na ofisa wa mradi ataelekeza njia na kutambulisha kwa sheha lakini hatakaa kwenye mahojiano. Na kwenye ripoti idai jedwali linaloonyesha waliohojiwa wangapi viongozi, wangapi wanachama wa kawaida, wangapi waliotoka. Ukiona viongozi ni nusu, unajua sharti halikufuatwa.

La pili ni wahoji. Wawe wengi wao wanawake na wawe wanasema Kiswahili cha huku. Mtu wa mjini akimuuliza mama wa Micheweni maswali ya kitabuni atajibiwa kwa adabu na hatapata kitu.

Kuhusu vibali, waulize mapema Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ujue tathmini yenu inahitaji kibali gani, halafu wilaya, halafu masheha. Kwenye hadidu andika nani anafuatilia, jumuiya au mshauri, kwa sababu kila mmoja hudhani ni mwenzake.

Hatua ya 6: panga siku kwa bahari, sio kwa kalenda ya ofisini

Kwa mradi wa mwani tarehe za fildi sio jambo la kuamua baadae. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka kavu sana asubuhi kuelekea mchana na akina mama wote wako shambani. Ukienda nyumbani saa nne hukuti mtu. Ila ndio wakati pekee wa kuyaona mashamba kwa macho. Maji mafu, kwenye tarehe 7 mpaka 10 na 21 mpaka 24 za mwezi wa Kiislamu, wako nyumbani lakini bahari haikuonyeshi kitu. Kwa hiyo wiki moja ya fildi inaanzia tarehe 17 hivi: siku mbili za mwanzo unashuka nao pwani unaangalia mashamba na vidau, na siku tano zinazofuata, bamvua linapokwisha na kuingia maji mafu, unahoji majumbani.

Halafu ondoa Ramadhani na siku za sikukuu, ondoa masika makubwa ambayo barabara nyengine hazipitiki na mwani haukauki, na kama karafuu zimezaa mwaka huo angalia msimu wake maana nyumba nyengine zinahamia nzima kwenye kambi za karafuu. Ukishaondoa vyote hivyo utaona madirisha yaliobaki ni machache, na uamuzi wa bodi ni mwezi wa tisa. Ndio maana hadidu zinaandikwa miezi mitano kabla.

Sasa siku zenyewe. Hesabu kutoka kwenye maswali, usianze na bajeti. Tuseme unataka wanachama 80 na waliotoka 30, jumla mahojiano 110. Mhoji mmoja akifanya vizuri anamaliza sita kwa siku, akilazimishwa kumi anabuni majibu. Wahoji watatu ni 18 kwa siku, yaani siku sita na kidogo, weka saba, na zile mbili za bamvua wahoji jioni, akina mama wakisharudi. Katika siku hizo saba mshauri mkuu anaendesha mazungumzo ya vikundi mawili kila shehia, manane jumla, siku nne, na zilizobaki ni za wanunuzi, masheha, ofisi ya uvuvi na kushuka pwani.

Siku za mshauri mkuu: kusoma nyaraka 2, ripoti ya kuanzia 3, kufundisha wahoji na kujaribu dodoso 2, fildi 7, uchambuzi 4, rasimu 5, mikutano ya mrejesho 2, ripoti ya mwisho 2. Jumla 27. Aliekwambia "siku 15 zinatosha" muulize anapunguza wapi, na mara nyingi utakuta anapunguza uchambuzi, ndio ripoti zinakuja na nukuu nyingi na hitimisho hamna.

Hatua ya 7: pesa

Viwango hivi ni vya mfano, weka vya kwenu. Mshauri siku 27 kwa 350,000 ni 9,450,000. Wahoji watatu siku 9 kila mmoja kwa 60,000 ni 1,620,000. Gari siku 9 pamoja na mafuta kwa 150,000 ni 1,350,000. Malazi na chakula cha mshauri usiku 11 kwa 100,000 ni 1,100,000. Boti, kuchapisha na vitafunio vya mikutano 1,000,000. Inakuja 14,520,000.

Kama mna milioni 10, usiache hadidu vile vile ukitumai atatokea mtu wa bei hiyo. Atatokea, lakini atakata anapopajua yeye. Kata mwenyewe: acha utafiti wa majumbani, swali la kilo lijibiwe kwa madaftari ya mauzo ya vile vikundi 9 (na useme wazi kuwa vikundi vitatu havitakuwemo), mshauri ahoji mwenyewe waliotoka 12. Wahoji wanatoka, mafunzo yao yanatoka, fildi inashuka siku 5, uchambuzi 2, mshauri anabaki na siku 21 ambazo ni 7,350,000, gari 750,000, malazi usiku 6 ni 600,000, na ile milioni moja, jumla 9,700,000. Umepoteza uhakika wa kilo lakini maswali ya kina kirefu na vidau bado yanajibiwa vizuri, na ndio yaliyobeba uamuzi.

Je, utaje kiwango cha juu kwenye tangazo? Mimi nasema taja, khasa kwa jumuiya ndogo. Ukificha unapata maandiko ya milioni 40 na ya milioni 5 na huwezi kuyalinganisha. Na andika kama bei ni pamoja na kodi: mshauri mkaazi anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, asiye mkaazi 15, na ugomvi wa malipo ya mwisho mara nyingi unaanzia hapo.

Hatua ya 8: atakachokabidhi na lini analipwa

Ripoti ya kuanzia, isiyozidi kurasa 15, yenye jedwali linaloonyesha kila swali litajibiwa kwa data gani kutoka kwa nani. Hii msiipokee kwa kusema "sawa tumeiona". Kaeni nayo saa mbili, kwa sababu ndio nafasi ya mwisho ya kurekebisha kabla pesa haijaenda fildi. Baadae rasimu, mikutano ya mrejesho, ripoti ya mwisho ya kurasa 30 bila ya viambatisho, na muhtasari wa kurasa 4 kwa Kiswahili hata kama ripoti yenyewe ni ya Kiingereza. Pamoja na data ghafi, majina yakiwa yameondolewa, na madodoso. Data ghafi isipotajwa kwenye hadidu hamuipati, mshauri ataona ni yake.

Mkutano mmoja wa mrejesho ufanyike Micheweni na wanachama wenyewe, kabla ripoti haijafungwa sio baada. Ndio pahala ambapo mama mmoja atanyanyuka aseme "hivyo vidau vinne mlivyoandika vinafanya kazi, kimoja kimeuzwa".

Malipo: asilimia 20 ripoti ya kuanzia ikikubaliwa, 40 rasimu ikipokelewa, 40 mwisho. Ukimlipa 50 wakati wa kusaini huna nguvu tena, ukimwekea 70 mwisho atakosa pesa ya gari na fildi itafanywa kwa simu.

Na eleza "kukubaliwa" ni nini: maswali yote matano yamejibiwa, kila hitimisho limeonyesha ushahidi wake, na mapendekezo hayazidi manane na kila moja limetaja nani wa kulifanya. Kuwa mmeyapenda matokeo haimo. Andika kabisa kuwa jumuiya ina siku 10 za kutoa maoni, kwa jedwali moja kutoka kwa mtu mmoja, kwamba makosa ya ukweli mshauri atayarekebisha, na pale mnapopingana na tafsiri yake maoni yenu yataambatishwa lakini hitimisho halibadilishwi. Mshauri mzuri akikiona kifungu hichi ndio anaomba kazi.

Hatua ya 9: sifa na alama

Usidai shahada ya uzamivu na miaka 15 kwa kazi ya siku 27. Dai tathmini tatu alizofanya, moja iwe ya uvuvi, mwani au kilimo kidogo, na ripoti moja aliyoandika mwenyewe. Ile ripoti isome, inakwambia zaidi ya wasifu wote. Asiwe aliandika andiko la mradi huu wala kulipwa na mradi wakati wowote, na hili Pemba lina kazi yake maana watu ni wale wale, kwa hiyo mtake kila mwombaji aandike uhusiano wowote alionao na jumuiya au wafanyakazi wake, halafu nyinyi muamue.

Alama 80 za kitaalamu na 20 za bei zinatosha. Kati ya hizo 80, toa 35 kwa alivyoelewa maswali na lile tatizo la kilo mbichi na kavu, 25 kwa uzoefu, 20 kwa ripoti ya mfano. Tangazo likae wiki mbili mpaka tatu, na ruhusu maswali kwa barua pepe wiki ya kwanza kisha majibu yatumwe kwa wote.

Hadidu nzima ikizidi kurasa 8 kuna kitu umekinakili. Mkishasaini, zinakuwa kiambatisho cha mkataba, na mabadiliko yoyote yatakayokubaliwa kwenye ripoti ya kuanzia, mathalani shehia moja kutolewa au tarehe kusogezwa kwa ajili ya bamvua, yaandikiwe barua ya nyongeza yenye saini mbili, sio ujumbe wa wotsapu.